Alisema ana homa, au alisema alikuwa na homa?

Niliwahi kuwa katibu wa kamati ndogo, na sentensi moja niliyoiandika kwenye kumbukumbu za kikao ilitusumbua kwa muda mrefu kuliko ajenda yenyewe. Mhasibu wetu alisimama akasema: "Fedha nimezipokea, sasa ninazihesabu, na kesho nitawasilisha taarifa." Mimi, nikikumbuka nilivyofundishwa darasani, nikaandika hivi: "Mhasibu alisema kwamba alizipokea fedha, alizihesabu, na siku iliyofuata angewasilisha taarifa."

Nilijiona nimeandika Kiswahili sanifu kabisa. Kikao kilichofuata, mjumbe mmoja ambaye mara ya kwanza hakuwapo akauliza: kama fedha zilishahesabiwa, mbona kiasi hakikutajwa? Mwingine akadakia: na hili "angewasilisha" maana yake nini, kwani alizuiwa na nani? Mhasibu mwenyewe alikuwa ametoa taarifa yake asubuhi ya pili, kama alivyoahidi. Akanitazama, akasema: "Sikusema nilizihesabu. Nilisema ninazihesabu." Alikuwa na haki. Niligeuza viambishi vitatu tu vya wakati, na kila kimoja kikasema jambo ambalo yeye hakulisema.

Mkanganyiko huu haukuwa wangu peke yangu. Kila mara watu wanapobishana juu ya nani alisema nini, nusu ya ubishi huwa si juu ya maneno bali juu ya wakati: alisema anafanya, au alisema alifanya? Alisema atakuja, au angekuja? Na mara nyingi atatokea mtu wa kusahihisha: "Alisema atakuja" ni Kiswahili cha mtaani, sema "alisema angekuja." Je, ni kweli?

Tuanze na majina. Maneno yanaponukuliwa jinsi yalivyotoka kinywani, yakafungwa kwa alama za kunukuu, huo ni usemi halisi. Wengine huuita kauli halisi. Msimulizi anapoyachukua maneno hayo na kuyapitisha katika sentensi yake mwenyewe, bila alama za kunukuu, huo ni usemi wa taarifa, au kauli taarifa. Kwa hiyo "Alisema, 'Nina homa'" ni usemi halisi, na "Alisema kwamba ana homa" ni usemi wa taarifa. Neno "kwamba", au "kuwa", au "ya kwamba", ni mlango tu kati ya sehemu mbili. Ukiliondoa, "alisema ana homa" haipungukiwi na kitu. Hapa chini nitaita sehemu ya "alisema" sentensi ya nje, na ile inayobeba maneno yaliyosemwa sentensi ya ndani.

Sentensi kama hiyo ina watu wawili ndani yake: aliyesema na anayesimulia. Kila mmoja ana mahali pake, ana siku yake, na ana "mimi" yake. Fikiria kila mmoja ametundika saa ukutani kwake. Saa ya msemaji ilisimama pale alipofunga mdomo. Saa ya msimulizi inaendelea kutembea. Kazi yote ya usemi wa taarifa ni kuamua neno gani litasomwa kwa saa ipi, na lugha hazikubaliani kuhusu jambo hilo.

Nafsi haina ubishi. "Mimi" ya msemaji haiwezi kubaki "mimi" kinywani mwangu, la sivyo homa itakuwa yangu. "Nina homa" inakuwa "ana homa." Akiniambia "umechelewa", nikisimulia nitasema "aliniambia nimechelewa." Hilo hata mtoto mdogo hulifanya bila kufundishwa. Kwa nafsi, basi, tunatumia nafasi ya msimulizi.

Sasa njoo kwenye wakati. Jana mtu alisema "Nina homa." Leo unasimulia. Una njia mbili:

"Alisema ana homa."
"Alisema alikuwa na homa."

Zisome zote mbili kwa sauti, kisha jiulize kila moja inakueleza nini. Ya kwanza inakwambia kwamba alipokuwa akizungumza, homa ilikuwa mwilini. Ya pili, kwa sikio la wengi wetu, inakwambia kwamba homa ilikuja na ikaondoka kabla hajazungumza. Alikuwa nayo, sasa hana, anaeleza pengine kwa nini hakuonekana wiki nzima. Badilisha homa uweke gari, na tofauti inazidi kuonekana. "Alisema ana gari" ni mtu mwenye gari. "Alisema alikuwa na gari" ni mtu aliyeliuza, au aliibiwa, na sasa anatembea kwa miguu.

Hapo ndipo ilipo siri ya Kiswahili. Kiambishi cha wakati katika sentensi ya ndani husomwa kwa saa ya aliyesema, si kwa saa ya anayesimulia. Ile -na- ya "alisema anaumwa" haimaanishi anaumwa sasa hivi ninapokusimulia. Inamaanisha aliumwa wakati uleule wa kusema. Pengine leo amepona na yuko uwanjani anacheza mpira, sentensi bado ni ya kweli. Vivyo hivyo -li- ya ndani humaanisha kabla ya kusema, na -ta- humaanisha baada ya kusema. Wala hatuhitaji kuzisogeza, kwa kuwa "alisema" ya nje imeshatupeleka wakati uliopita, na tukishafika huko tunatazama mambo kama yeye alivyoyatazama.

Kiingereza hakifanyi hivyo. Kitenzi cha nje kikiwa cha wakati uliopita, Kiingereza kwa kawaida husukuma na kitenzi cha ndani nyuma hatua moja: wakati uliopo huwa uliopita, uliopita huwa uliopita zaidi, na wakati ujao hupata umbo lake maalumu la "ujao uliotazamwa kutoka zamani." Kirusi na Kijapani, lugha zisizo na undugu wowote na Kiswahili, huacha wakati wa msemaji ulivyo kama sisi tunavyofanya. Kwa hiyo "alisema atakuja" si uzembe wa mtaani. Ni moja ya njia mbili zinazojulikana za kusimulia maneno ya mtu, na ndiyo njia ambayo sarufi ya Kiswahili inaelekea kuifuata yenyewe.

Lakini darasani tulikaririshwa kitu kingine. Wengi wetu tulipewa jedwali: -ta- inageuka -nge-, -na- inageuka -li- au "alikuwa a-ki-", -me- inageuka -li- au "alikuwa a-me-", leo inageuka siku hiyo. Jedwali hilo lina mambo mawili tofauti yaliyochanganywa kwenye kapu moja, na nadhani ndiyo sababu linachanganya watu. Sehemu yake ya chini, ya leo na kesho, haina budi kufuatwa siku ikishabadilika, na nitaeleza kwa nini. Sehemu yake ya juu, ya viambishi vya kitenzi, ni hiari yenye gharama. Anayefanya mtihani na afuate alivyofundishwa, msahihishaji hana muda wa falsafa ya saa mbili za ukutani. Anayeandika ripoti, kumbukumbu za kikao au habari inafaa ajue gharama yenyewe.

Gharama kubwa iko kwenye -nge-. Kiambishi hiki kina kazi yake ya kuzaliwa nayo: kuonyesha jambo ambalo lingekuwa kama sharti fulani lingetimia. "Ningekuja, lakini nina kazi." Anayesema hivyo haji. Sasa chukua watu wawili. Wa kwanza amesema: "Nitakuja." Wa pili amesema: "Ningekuja, lakini nina kazi." Simulia maneno yao kwa jedwali la darasani. Wa kwanza: "Alisema angekuja." Wa pili, ambaye -nge- yake haina pa kwenda na hubaki ilivyo: "Alisema angekuja, lakini alikuwa na kazi." Ukikata sentensi ya pili katikati, kama watu wanavyokata wanapopokezana habari kwa simu, ahadi na udhuru vimekuwa kitu kimoja. Mmoja aliahidi kuja, mwingine aliomba radhi kwa kutokuja, na msikilizaji hana namna ya kuwatenganisha.

Jaribu mwenyewe kumwambia mtu, "Alisema angekuja," kisha unyamaze. Mara nyingi atakuuliza: "Lakini?" Sikio la Kiswahili likisikia -nge- hungoja sharti au kikwazo. Wale wajumbe wa kamati yangu waliuliza nani alimzuia mhasibu kwa sababu hiyohiyo. Kiambishi ndicho kilichowatajia kizuizi, mimi sikukitaja.

Hata hivyo, nisiipige -nge- mawe. Kuna mahali inafaa kuliko -ta-, nako ni pale msimulizi mwenyewe anapotaka kujitenga na ahadi, hasa ikiwa muda wake umekwisha pita bila kutimia. "Alisema angerudisha vitabu Ijumaa, na mpaka leo hatujaviona." Hapa -nge- inafanya kazi ya kweli, kwani kikwazo ambacho sikio linakingoja kinakuja katika nusu ya pili ya sentensi. Vilevile ahadi inapofungwa na siku ambayo kwa msimulizi imeshapita, -ta- huanza kukwaruza. "Alisema atakuja jana" watu husema, na huelewana, ila -ta- na "jana" wakikaa bega kwa bega sentensi huonekana kama imevaa viatu viwili visivyolingana. "Alisema angekuja jana" inatelezea vizuri zaidi, na "aliahidi kuja jana" inatelezea kuliko zote, kwa kuwa imeukwepa mtego kabisa: "kuja" haina kiambishi cha wakati cha kubishaniwa. Waandishi wazoefu hukimbilia sana huko. Aliahidi kuja, alikubali kulipa, alikataa kujiuzulu, alikana kuhusika.

Kwa ukanushi mambo ni yaleyale, tofauti ni maumbo. "Sitakuja" inabaki "alisema hatakuja", au kwa njia ya jedwali "alisema asingekuja", ambayo wengine huitamka "hangekuja." Na "asingekuja" ina mtego wake: inaweza pia kutokana na "nisingekuja kama usingeniita", maneno ya mtu ambaye amekuja na ameketi mbele yako.

Tukitoka kwenye -ta-, kiambishi kinachoumia zaidi kwa kugeuzwa ni -me-, nacho huumia kimyakimya. "Nimezipokea" inabeba habari mbili: tendo limetendeka, na matokeo yake bado yapo. Fedha ziko mkononi. "Nilizipokea" inabeba habari moja tu. Zilipokelewa siku fulani, na zilipo sasa ni swali jingine. Kwa hiyo "alisema amezipokea" na "alisema alizipokea" si mapacha. Mtu akisema "Nimefika" ukasimulia "alisema alifika", umemfanya aonekane kama aliyefika akaondoka. Ukitaka kulisogeza jambo zamani bila kuipoteza -me-, sema "alisema alikuwa amezipokea." Ni refu, ila linatunza. Tatizo ni kwamba jedwali hilohilo hutumia "alikuwa a-me-" kusogezea -li- nayo, basi "nimefika" na "nilifika" zote zikawa "alikuwa amefika", na hapo tena watu wawili waliosema mambo mawili wamepewa kauli moja.

Upande wa kukanusha, tofauti hii ni kali zaidi. "Sijapokea barua" ni mtu ambaye bado anaingoja barua. "Sikupokea barua" ni mtu aliyefunga hesabu. Ukimsimulia wa kwanza kwa "alisema hakupokea barua", umemfungia mlango ambao yeye aliuacha wazi. Kwenye madai ya mkataba au malipo, tofauti hiyo inaweza kuamua nani ana deni.

Wakati uliopo nimeshauonyesha kwa homa na gari. Niongeze tu kwamba umbo la "alikuwa akizihesabu" ni bora mara nyingi kuliko "alizihesabu", maana angalau linaonyesha kazi haikuwa imeisha. Lakini nalo lina ukungu wake: mhasibu alisema "ninazihesabu", au alisema "nilikuwa nikizihesabu juzi"? Muktadha huokoa, na wakati mwingine muktadha hauko.

Kipo kipimo kimoja ambacho tangu siku ile nimekuwa nikikitumia kabla ya kutia sahihi. Chukua sentensi ya ndani, irudishie nafsi ya kwanza, ifunge kwa alama za kunukuu, uone kama ndivyo mtu alivyosema. "Alisema alizihesabu" inarudi kuwa "Nilizihesabu." Hakusema hivyo. "Alisema anazihesabu" inarudi kuwa "Ninazihesabu." Hivyo ndivyo alivyosema. Sentensi isiyoweza kurudi ilikotoka bila kubadilika imepoteza kitu njiani.

Jambo moja watu hulisahau: hata walimu wakali wa jedwali hawalidai pale kitenzi cha nje kisipokuwa cha wakati uliopita. "Anasema atakuja", "amesema atakuja", "akiulizwa atasema ana homa", hizo hakuna anayezigusa. Habari za siku hiyohiyo huandikwa sana kwa "amesema", na ndiyo maana katika habari hukutana na -ta- na -na- zikitembea kwa amani ndani ya usemi wa taarifa. Ubishi wote uko kwenye "alisema", na ni kiambishi kimoja tu cha nje kinachouanzisha.

Ile sehemu ya chini ya jedwali sasa. Maneno kama leo, kesho, jana, sasa, hapa, huyu, tofauti na viambishi vya kitenzi, husomwa kwa saa ya msimulizi na mahali pake. Hapa Kiswahili kimeamua kugawa kazi: kitenzi kinabaki kwa msemaji, siku na mahali vinahamia kwa msimulizi. Ndiyo maana kuna mtego ambao -ta- iliyobaki haitakuokoa nao. Mhasibu alisema Jumatatu: "Kesho nitawasilisha taarifa." Mimi nikisimulia Alhamisi, "Mhasibu alisema kesho atawasilisha taarifa", wewe unayenisikia utaingoja Ijumaa. Kitenzi ni sahihi, siku si sahihi. Inabidi "kesho" ihamishwe.

Ihamishiwe wapi? Darasani jibu ni "siku iliyofuata", ambalo halina kosa. Lakini Kiswahili kina neno tamu zaidi, "kesho yake." Ile "yake" inaifunga kesho kwa siku nyingine badala ya hii ya leo, na "jana yake" hufanya vivyo hivyo kwa upande wa nyuma. "Alisema kesho yake atawasilisha taarifa" haina wasiwasi wowote. Au taja siku kwa jina, "alisema atawasilisha taarifa Jumanne", ambalo kwa kumbukumbu za kikao ndilo la usalama kuliko yote, kwani Jumanne haibadiliki kwa kusimuliwa.

Na hapa jedwali la darasani huwapoteza wanaolifuata kama mashine. "Leo" haigeuki "siku hiyo" kwa sababu tu imeingia katika usemi wa taarifa. Inageuka kwa sababu siku imebadilika. Akisema asubuhi "nitakuja kesho", nawe ukasimulia jioni ya siku ileile, kesho yake na kesho yako ni moja, iache: "Alisema atakuja kesho." Ukiandika "alisema atakuja siku iliyofuata" jioni hiyo, msomaji atatafuta siku ambayo haipo. Kwa mahali ni hivyohivyo. "Subirini hapa", ukisimulia ukiwa mahali palepale, ni "alisema tusubiri hapa." Ukisimulia ukiwa mbali, "tusubiri pale." Hata vitenzi vya kuja na kwenda huburutwa na mahali: akinipigia simu kusema "nitakuja kwako", nikiwa kwangu nasimulia "alisema atakuja kwangu", lakini nikiwa nimehama nyumba ile, sikio linataka "alisema atakwenda kwangu, kule nilikokuwa nakaa."

Kuna mtego mwingine mdogo ambao unanifurahisha kwa kuwa hauonekani vitabuni sana. Kiambishi cha mazoea, hu-, hakibebi nafsi. "Mimi hurudi mapema" na "yeye hurudi mapema" kitenzi ni kimoja. Mtu akisema "hurudi saa kumi" na wewe ukasimulia "aliniambia hurudi saa kumi", msikilizaji anaweza kuelewa kwamba yeye ana kawaida ya kurudi saa hiyo, au kwamba anayesemwa ni yeye msikilizaji, "wewe hurudi", yaani hutarudi. Vitenzi vinavyoishia na a vimesalimika, maana ukanushi wao huishia na i: hufika ni mazoea, hufiki ni kukanusha. Ila kwa rudi, jibu, samehe na wenzao, weka "yeye" mbele ya hu- na mambo yatulie: "aliniambia yeye hurudi saa kumi."

Nafsi ya tatu nayo ina ukungu wa aina hiyo, na huu hauna dawa ya kiambishi. "Katibu alisema mhasibu alimwambia atajiuzulu." Nani anajiuzulu? Ile a- ya "atajiuzulu" inaweza kuwa ya katibu au ya mhasibu, au hata ya mtu wa tatu waliyekuwa wakimzungumzia. Wakati hauna tatizo, kwani -ta- husomwa kwa saa ya kitenzi cha kusema kilicho karibu nayo, yaani "alimwambia." Tatizo ni mtu. Hapo hakuna ujanja zaidi ya kutaja: "kwamba yeye mhasibu atajiuzulu", au kuvunja mnyororo na kurudi kwenye alama za kunukuu.

Na pale mtu aliposema mambo ya aina tofauti, ukataka yote yaingie katika sentensi moja? Sema mwenyekiti alitamka: "Ketini. Je, mmepata nakala? Tutaanza sasa hivi." "Alisema" moja haiwezi kubeba mzigo huo, kwa sababu amri haisemwi kwa namna swali linavyosemwa. Amri hupoteza umbo lake na kuingia kwenye lile la kutakiwa: waketi. Swali hupoteza "je" na kupata "kama" au "iwapo." Taarifa hubaki na "kwamba" yake. Kila kimoja kinahitaji kitenzi chake cha nje, na hapa ile -ka- ya masimulizi inatufaa sana: "Mwenyekiti aliwaambia waketi, akawauliza kama wamepata nakala, akawajulisha kwamba wataanza wakati huohuo." Tazama kwamba -me- na -ta- zimebaki zilivyokuwa, watu wote wamehamia nafsi ya tatu, na "sasa hivi" imekuwa "wakati huohuo." Mgawanyo wa saa ni uleule.

Kuna hofu moja husemwa dhidi ya kubakiza wakati wa msemaji: kwamba msimulizi ataonekana anathibitisha jambo. Ukiandika "alisema ana ushahidi", je, si kama kwamba wewe nawe unasema ushahidi upo? Sioni hivyo. Sentensi ya ndani imening'inia kwenye "alisema", na mzigo uko kwa aliyesema. Ukitaka kuonyesha kwamba hushiriki imani yake, kazi hiyo hufanywa na kitenzi cha nje, "alidai ana ushahidi", au na neno letu la zamani la shaka, "eti ana ushahidi." Wakati wa kitenzi haukuumbwa kwa kazi hiyo, na ukiutumia hivyo, "alisema alikuwa na ushahidi", msomaji hatasikia shaka yako. Atasikia kwamba ushahidi umepotea.

Zile kumbukumbu tulizirekebisha kwa kalamu, wajumbe wakiwa wamekaa. Mjumbe mmoja aliyesoma lugha alitaka tuandike "alikuwa amezipokea, alikuwa akizihesabu", na haikuwa makosa, ila mhasibu alipoisoma alisema inamchosha pumzi. Mwisho ikawa hivi, na ndivyo ilivyo kwenye faili: "Mhasibu alisema kwamba fedha amezipokea, anazihesabu, na kesho yake, Jumanne, atawasilisha taarifa."